Kipande cha 1938: Je, Sheria Dhalimu Ni Sheria?

*Mwalimu, baba yake babu yangu alifungwa hapa Nairobi mwaka 1938 kwa kukutwa bila kipande. Mhadhiri wetu anafundisha kwamba sheria dhalimu bado ni sheria; padri wa parokia yetu anasema sheria dhalimu si sheria hata kidogo. Je, mzee huyo alikuwa mvunja sheria au hakuwa? Na jibu lolote lile linabadilisha nini leo?*
*Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, Nairobi*

Mzee alivunja sheria, na hakuwa na wajibu wa kuitii. Naamini maneno hayo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana, ingawa haikunichukua siku moja kufika hapo, na yapo mazingira ambamo yanagombana kweli. Nitayafikia hayo, lakini kwanza tukitazame kipande chenyewe, maana mjadala huu huharibika pale watu wanapozungumza juu ya sheria dhalimu bila kuwa na sheria yoyote mkononi.

Nimewahi kushika kipande kilichohifadhiwa na familia moja huko Kiambu. Kilikuwa kibati chembamba kilichoshika kutu pembeni, chenye tundu la kupitishia uzi wa kuvalia shingoni, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mikunjo ikawa nyufa. Juu ya karatasi kulikuwa na jina, kabila na alama za vidole. Chini yake zikafuata safu za waajiri: nani alimwajiri, kazi gani, kwa mshahara gani, alianza lini, aliachishwa lini, na sahihi ya mwajiri ya kumruhusu aondoke. Safu moja haikuwa na sahihi hiyo ya mwisho. Mwenye familia aliniwekea kidole hapo bila kusema neno, nami nikaelewa, kwa sababu mfanyakazi ambaye mwajiri wake amekataa kutia sahihi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka bila sahihi alihesabiwa kuwa ametoroka kazi, jambo ambalo lilikuwa kosa la jinai. Wazee wa Kikuyu walikiita kibati hicho *mbugi*, kengele anayofungwa mbuzi shingoni.

Sheria iliyokileta kipande ilipitishwa mwaka 1915. Vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kuanzia mwishoni mwa 1919 na 1920, na ikadumu hadi mfumo mpya wa vitambulisho ulipochukua nafasi yake mwaka 1947. Iliwahusu wanaume Waafrika waliofikisha umri wa miaka 16, na wao peke yao. Ilipitia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni, ambamo hakuna Mwafrika aliyekuwa na kiti hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Ilichapishwa katika Gazeti Rasmi, na mahakimu waliitumia siku baada ya siku, wakitoza faini na kufunga watu. Hakimu aliyemfunga mzee wenu mwaka 1938 hakubuni kosa. Alifungua kitabu, akasoma kifungu, akauliza kama mshtakiwa alikuwa na kipande, akajibiwa hapana.

Sasa tumsikilize mhadhiri wako. Wanaoitwa wapositivisti wana jina hilo kwa sababu wanasema sheria ni kitu kilichowekwa. Kuna watu waliokiweka, kwa utaratibu unaotambuliwa na maafisa na mahakama za nchi hiyo, na ukitaka kujua kama kitu fulani ni sheria unachunguza kama kiliwekwa hivyo. John Austin, Mwingereza aliyefundisha London, alisema mwaka 1832 kwamba kuwepo kwa sheria ni jambo moja, na uzuri au ubaya wake ni jambo jingine. Alitoa mfano mkali wa mtu anayehukumiwa kifo kwa tendo lisilo na dhara. Mtu huyo anaiambia mahakama kwamba sheria hiyo inapingana na sheria ya Mungu. Mahakama itamwonyesha udhaifu wa hoja yake kwa kumnyonga. Wengi husoma mfano huo wakadhani Austin anaisifu mahakama. Siyo hivyo. Yeye na Jeremy Bentham kabla yake walikuwa watu wa mageuzi, na walitaka tuone wazi kwamba hicho kinachotunyonga ni sheria, ili tuikosoe na kuibadilisha badala ya kujifariji kwamba haipo.

Padri wako naye yuko katika mkondo mkongwe zaidi. Augustino aliandika kwamba sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria, na Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, akaongeza kwamba sheria ya binadamu inayopotoka kutoka sheria ya maumbile, yaani ile ya haki ambayo akili ya binadamu inaitambua hata isipoandikwa, si sheria tena, bali ni uharibifu wa sheria. Huo ndio mstari unaonukuliwa kila mahali. Ninaomba usome pia mistari inayoukaribia, kwa sababu hainukuliwi sana na inabadilisha picha nzima. Akwino anasema kwamba sheria ya dhalimu si sheria kwa maana kamili, lakini bado inabaki na kitu fulani cha asili ya sheria. Na alipouliza kama sheria dhalimu inafunga dhamiri, alijibu kwamba haifungi, isipokuwa pengine mtu aitii ili kuepusha fujo au kashfa. Akwino hakuwa mtu wa kukana kwamba kile kilichotangazwa na mfalme kipo. Alichokana ni kwamba kinamdai mtu utii kwa sababu tu mfalme amekitangaza.

Kwa hiyo mpaka hapa mhadhiri na padri hawajapigana. Mmoja anaeleza jinsi ya kutambua sheria, na mwingine anaeleza ni lini sheria inastahili kutiiwa. Mzee wenu alifungwa chini ya kitu ambacho kwa kipimo cha kwanza kilikuwa sheria, na kwa kipimo cha pili hakikuwa na dai lolote kwenye dhamiri yake. Kama kesi zote zingekuwa za mtu anayesimama mbele ya hakimu wa utawala uleule ulioandika sheria hiyo, ningekomea hapa. Ugumu wa kweli huja utawala ukianguka na mahakama mpya zikiulizwa zifanye nini na watu waliotumia sheria za zamani kuwaumiza wenzao. Hapo swali la kama ilikuwa sheria linaamua nani aende jela.

Kesi inayofundishwa zaidi juu ya jambo hili ilitoka Ujerumani. Mwaka 1944 askari mmoja alirudi nyumbani kwa likizo fupi. Akiwa faraghani na mkewe alimsema vibaya Hitler, na kudokeza kwamba ni bahati mbaya jaribio la kumuua mwezi Julai mwaka huo halikufaulu. Mke, ambaye alikuwa na wanaume wengine na alitaka kuachana naye, alikwenda kumripoti kwa kiongozi wa chama cha Wanazi wa mahali pale. Hakuna sheria iliyomlazimu kuripoti. Alifanya hivyo kwa hiari yake. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu mume kifo kwa kutumia sheria mbili, moja ya mwaka 1934 dhidi ya maneno ya kulishambulia taifa na chama, na nyingine ya 1938 juu ya kudhoofisha nia ya watu ya kupigana. Hakuuawa, baada ya muda gerezani alirudishwa vitani. Utawala ulipoanguka, mke alishtakiwa kwa kumnyima mtu uhuru wake kinyume cha sheria, kosa lililokuwemo katika kanuni ya adhabu ya Ujerumani tangu 1871, na Mahakama ya Rufaa ya Bamberg ikaamua suala lake mwaka 1949.

Utetezi wake unaeleweka mara moja, na ni utetezi mzito: mume wangu alivunja sheria iliyokuwepo, nami nikamripoti, basi nimenyima mtu uhuru kinyume cha sheria gani?

Gustav Radbruch alikuwa ameshatoa jibu moja. Alikuwa waziri wa sheria katika jamhuri ya Ujerumani miaka ya 1920, na Wanazi walimfukuza chuoni Heidelberg mwaka 1933. Mwaka 1946, miaka mitatu kabla ya kufa, aliandika makala fupi yenye kanuni ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida, alisema, sheria iliyowekwa ishinde hata kama si ya haki, kwa sababu watu wanahitaji uhakika wa sheria. Lakini ikiwa mgongano kati yake na haki umefikia kiwango kisichovumilika, sheria hiyo iipishe haki. Na pale ambapo watungaji hawakujaribu hata kidogo kutafuta haki, pale ambapo usawa wa binadamu, ulio kiini cha haki, umekanushwa kwa makusudi, hiyo si sheria mbaya tu. Haina kabisa asili ya sheria.

Hart, profesa wa Oxford, alikwenda Harvard mwaka 1957 na kutoa mhadhara uliochapishwa mwaka uliofuata, akapinga njia hiyo. Alidhani mahakama ya Bamberg ilitangaza sheria ya Wanazi kuwa batili kwa sababu ya ubaya wake, na akasema kwamba hapo mahakama ilificha kitu. Ukweli, kwa maoni yake, ni kwamba kulikuwa na maovu mawili ya kuchagua kati yake: kumwachia mwanamke huyo bila adhabu, au kumwadhibu kwa tendo ambalo sheria ya wakati ule iliruhusu, yaani kutunga sheria inayorudi nyuma. Kama unaona ovu la pili ni dogo kuliko la kwanza, tunga sheria hiyo waziwazi, ukubali kwamba umevunja kanuni yenye thamani, na ubebe gharama. Usiseme tu kwamba sheria ya zamani haikuwahi kuwa sheria, kana kwamba hakuna kilichopotea.

Hapa nieleze jambo ambalo ulipaswa kufundishwa pamoja na mhadhara wa Hart. Taarifa aliyoitegemea juu ya kesi ilikuwa na kasoro, na mwaka 1960 msomi aitwaye Pappe alionyesha kwamba mahakama ya Bamberg haikuibatilisha sheria ya Wanazi hata kidogo. Ilikubali kwamba mahakama ya kijeshi ilifanya kazi ndani ya sheria ya siku hizo. Ilimtia hatiani mke kwa sababu hakuwa na wajibu wa kuripoti, na alitumia chombo cha dola, kwa hila, kumwangamiza mume wake, kinyume cha dhamiri ya mtu yeyote mwadilifu. Hart mwenyewe alikiri baadaye kwamba kesi kama alivyoieleza ichukuliwe kuwa ya kubuni. Ninalitaja hili kwa uzito. Mahakama halisi ilipata njia ya tatu ambayo mabingwa hao waliipita, nayo ilikuwa kuyatenganisha matendo: hukumu ya hakimu ni tendo moja, na uamuzi wa mchongezi kwenda kuripoti ni tendo jingine, lenye kipimo chake.

Lon Fuller wa Harvard alimjibu Hart mwaka huohuo wa 1958, na jibu lake ndilo lililonibadilisha mimi. Hakuanza na uovu wa sheria ya 1938. Alianza kwa kuisoma. Sheria hiyo ilimlenga mtu anayetafuta *hadharani* kudhoofisha nia ya kupigana. Mume alizungumza na mkewe, ndani ya nyumba yao. Ili kumtia hatiani, majaji walilazimika kusoma neno "hadharani" kwa namna ambayo inaliua neno lenyewe. Fuller aliuliza: mahakama isiyojali maneno ya sheria yake, katika utawala uliokuwa na desturi ya kutunga sheria za siri na kuhalalisha mauaji baada ya kutendeka, bado tunaweza kuiita kwa jina la sheria bila kusita? Kwake, sheria si kitu kinachowekwa tu. Ni kazi ya kuongoza watu kwa kanuni, na kazi hiyo ina masharti yake. Kanuni ziwepo, zitangazwe, zitazame mbele, zieleweke, zisipingane, ziwezekane kutekelezwa, zisibadilike kila siku, na maafisa wafanye kile kanuni zinachosema. Utawala unaoyakanyaga masharti hayo kwa wingi haujatunga sheria mbaya. Umeshindwa kutunga sheria. Kuhusu yule mke, Fuller hakuwa mbali sana na Hart: naye alipendelea sheria mpya inayorudi nyuma, kwa sababu ingeonyesha wazi kwamba nchi imeachana kabisa na yaliyopita.

Basi tukipime kipande kwa masharti ya Fuller. Nafanya zoezi hili na wanafunzi kila mwaka, na matokeo yake huwakera. Sheria ya 1915 ilikuwepo, ilitazama mbele, haikujipinga, ilidumu zaidi ya robo karne, na maafisa waliitekeleza kwa bidii kubwa. Ilitangazwa, ingawa katika gazeti la Kiingereza ambalo karibu kila aliyefungwa nayo hakuweza kulisoma, na hapo Fuller ana hoja nzuri. Ana hoja nyingine kwenye ile safu isiyo na sahihi: mtu ambaye hawezi kuondoka kihalali kwa sababu mwajiri amekataa kalamu amewekewa kanuni ambayo kuitekeleza kunategemea huruma ya mwingine. Lakini ondoa kasoro hizo mbili. Chapisha sheria hiyo kwa Kikuyu, Kikamba, Kiluo na Kiswahili, na umlazimishe kila mwajiri atie sahihi kwa wakati. Je, sasa imekuwa ya haki? Imekuwa kibati kinachovaliwa shingoni na watu wa rangi moja ili wapatikane kwa bei rahisi, kikiendeshwa kwa ufanisi zaidi. Hart alimjibu Fuller kwamba hata kazi ya kumwekea mtu sumu ina kanuni zake za ufanisi, na hatuziiti maadili. Kwenye kipande, mimi naona Hart alisema kweli. Ubaya wa sheria ile haukuwa katika utendaji mbovu. Ulikuwa katika lengo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kipande kilikuwa sheria. Tukisema hakikuwa sheria, tunawaacha waliokitunga watoroke kwa mlango wa nyuma, kana kwamba ulikuwa uhuni wa askari mmoja barabarani. Ulikuwa mjadala barazani, sahihi ya gavana, karatasi za uchapishaji, bajeti, ofisi ya alama za vidole, hakimu na gereza. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kuongoza upinzani uliokuwa na kipande na kodi kati ya malalamiko yake, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi hapa mjini, karibu na mahali chuo kikuu kilipo leo, na tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 21 waliouawa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kesi, na hata hilo lilikuwa na kifungu chake. Wale waliokuwa nje ya kituo hawakuwa na mkanganyiko wa kifalsafa. Walijua ni sheria, na walijua haiwafai.

Sasa chukua kesi ya Bamberg uilete hapa. Fikiria kwamba mwaka 1964 mzee wenu amejua ni nani aliyemripoti mwaka 1938, mwajiri ambaye alikataa kutia sahihi kisha akaita polisi, na anataka mtu huyo ashtakiwe. Kwa kanuni ya Radbruch, wakili wake angesema kwamba sheria iliyokanusha usawa kwa makusudi haikuwa sheria, kwa hiyo kifungo kilikuwa utekaji nyara na mwajiri alishiriki. Hoja ina nguvu. Kama kuna sheria iliyokanusha usawa kwa makusudi, ni ile. Lakini wakili wa upande wa pili angesimama na kusema mambo mawili. Kwanza, Katiba ya uhuru ilikataza kumtia mtu hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendeka. Pili, Kenya huru iliamua kuendelea na sheria zilizokuwepo, pamoja na mahakama, hati za ardhi, mikataba na ndoa zilizofungwa chini yake, na nyingi ya hizo zilitoka katika baraza lilelile. Ukivuta uzi mmoja kwa kigezo cha udhalimu, utasimamia wapi? Radbruch angejibu kwamba ndiyo sababu alisema *kisichovumilika*, wala hakusema kila kisicho cha haki. Ni jibu zuri, ila linamwachia jaji mmojammoja kazi ya kuchora mstari huo baada ya tukio.

Njia ya mahakama ya Bamberg ingefaa zaidi. Hakimu wa 1938 umwache. Mwajiri muulize: ni sheria gani ilikulazimu unyime sahihi? Na sheria ya siku hizo ilisema nini juu ya mwajiri anayefanya hivyo kwa chuki? Mara nyingi utakuta tawala dhalimu zimeandika katika vitabu vyao vizuizi ambavyo maafisa na marafiki zao hawakuvifuata, na mtu anaweza kuwajibishwa kwa vitabu vyao wenyewe. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipita njia inayokaribia hiyo mwaka 2001, ilipothibitisha adhabu za viongozi wa Ujerumani Mashariki kwa mauaji ya mpakani: ilionyesha kwamba hata katiba na sheria za nchi hiyo, zikisomwa jinsi zilivyoandikwa, hazikuruhusu kuwapiga risasi raia wasio na silaha waliokuwa wakikimbia. Mahakama za Ujerumani zenyewe, katika kesi za walinzi wa mpaka kuanzia 1992, ziliegemea Radbruch waziwazi. Mauaji yaleyale ya mpakani, misingi miwili tofauti. Ningemshauri wakili aanze kila mara na msingi wa kwanza, na akimbilie wa Radbruch pale tu vitabu vya utawala wa zamani vimekauka.

Ulitaka kujua jibu linabadilisha nini leo. Ukisimama mahakamani Milimani, hutalazimika kusema kwamba sheria fulani ni dhalimu na kwa hiyo si sheria, kwa sababu Katiba ya 2010 imekupa maneno yake. Kifungu cha 2(4) kinasema kwamba sheria yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kadiri ya mgongano huo, na Katiba yenyewe imejaa maneno ya maadili: utu wa binadamu, usawa, haki ya kijamii. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliona kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilikiuka Katiba pale kilipomlazimu jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji bila kusikiliza mazingira yake. Adhabu ya kifo haikufutwa; ulazima wake ndio ulioondolewa. Mpositivisti anaielezea hukumu hiyo bila shida: kigezo cha kutambua sheria nchini Kenya kimekubali kuweka maadili ndani yake, na mahakama imetumia kigezo hicho. Hata hivyo wapositivisti wenyewe wamegawanyika hapo. Joseph Raz alishikilia kwamba maadili hayawezi kuwa sehemu ya kigezo cha sheria, na kwamba jaji anayepima utu wa binadamu anakuwa ametoka nje ya sheria kwa idhini ya sheria.

Mtu wa sheria ya maumbile naye ana kifungu chake cha kuonyesha, na sijui mpositivisti anayekisoma bila kutulia kidogo. Kifungu cha 19(3) kinasema kwamba haki zilizomo katika Sura ya Haki ni za kila mtu na hazikutolewa na Dola. Tazama jambo linalofanyika pale. Andiko lililowekwa na watu, kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, linasema juu ya yaliyomo ndani yake kwamba hayakuwekwa nalo. Kama ni hivyo, haki ya mzee wenu ya kutembea Nairobi bila kibati shingoni ilikuwepo mwaka 1938. Haikuwa na mahakama ya kuikimbilia, wala karatasi, wala hakimu wa kuisikiliza, na kwa maana hiyo mhadhiri wako ana haki ya kusema haikuwa sheria ya Kenya. Lakini Katiba yenyewe inakuzuia kusema haikuwa haki.

Kwa hiyo mtihani ukija, usiandike kwamba mhadhiri yuko sahihi na padri amekosea, wala kinyume chake. Andika kwanza ni swali gani unalojibu: la kutambua sheria, la kuitii, au la kumwadhibu aliyeitumia. Katika la kwanza ningekaa na Hart, katika la pili na Akwino mzima, pamoja na mistari yake isiyonukuliwa, na katika la tatu na majaji wa Bamberg. Na kama familia bado ina kibati cha mzee, kitoe kwenye sanduku, uikunjue karatasi polepole, utazame kama safu ya mwisho ina sahihi.